Vidonge Bungoma, Shubiri Kitale

Mama yangu Nasambu alizaliwa Bokoli, mwaka ambao hakuna aliyeuandika, na tangu siku hiyo sijasikia kwamba aliambiwa jambo akalikubali mara ya kwanza. Alipoolewa aliambiwa mwanamke hapandi juu ya paa la nyumba. Baba akachelewa kuziba jiko lililokuwa likivuja, mama akaleta ngazi akapanda, akaezeka mwenyewe mchana kweupe, na wazee waliopita njiani wakageuza nyuso. Hakuna balaa lililoshuka. Jiko likakauka, basi.

Mimi ni Sally, kitinda mimba wake, mwalimu wa shule ya msingi hapa Kimilili, wilayani Bungoma. Naandika haya kwa sababu ukoo wetu una tabia ya kusimulia kisa hiki ukimlaumu kila mtu isipokuwa waliokosa. Mmoja wa waliokosa ni mimi. Nitafika hapo, sina haraka ya kujivua nguo.

Mwaka wa sitini na moja baba alioa mke wa pili, Chemutai, Msabaot kutoka mlimani. Mama alikasirika mwaka mzima, na hasira ya mama si ya kunyamaza. Baba hakubishana naye. Alipopata shamba la ekari nane nje ya Kitale, kupitia kampuni ya kununua mashamba, alimpeleka Chemutai huko na kumwacha mama hapa Bungoma. Alipenda kusema kwamba wake wenza ni watu wazuri sana ukiweka kilomita hamsini katikati yao.

Lakini shamba la Kitale lilikuwa kubwa kuliko mikono ya mke mmoja. Kila msimu wa kupanda mama alifunga mzigo wake akaenda kusaidia, mwanzoni kwa kununa, halafu kwa mazoea, na mwishowe kwa furaha aliyoificha kama mtu anayeficha sukari. Wakipalilia, mmoja akichoka, mwenzake anamaliza mstari wake bila kusema neno. Baba alipokufa mwaka wa themanini na sita, mama alikaa Kitale miezi mitatu. Nilipomuuliza anafanya nini huko, alisema, "Huyu mwenzangu hana mtu wa kulia naye. Mabinti zake wote wameolewa."

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Chemutai alizaa mabinti watatu, hakuzaa mvulana. Baba mdogo Wabwile, ndugu yake baba, karani mstaafu wa chama cha ushirika, akaanza kulitembelea shamba la Kitale mara kwa mara na kulikagua kwa macho kutoka kona hadi kona. Na mwaka wa tisini na mbili, watu walipoanza kufukuzana na kuchomeana nyumba kwa sababu ya kabila, vijana wa upande wetu walikuja mlangoni kwa Chemutai kumwambia arudi kwao mlimani. Walimkuta mama ameketi kwenye kiti mbele ya mlango, anamenya viazi. Aliwaita mmoja mmoja kwa majina ya mama zao. Akawauliza nani atakuwa wa kwanza kumruka. Alimenya viazi pale siku tatu, viazi vingine havikuwa hata na haja ya kumenywa, na vijana hawakurudi tena. Baba mdogo alisema tu kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Huyo ndiye mtu aliyeambiwa na daktari, mwaka wa tisini na tatu, kwamba ana presha.

Alipewa vidonge vya aina mbili. Kidogo cheupe cha kukojoa, kimoja kila asubuhi. Na cha njano, mara tatu kwa siku. Mama alivimeza kwa dharau, lakini alivimeza. Ila hakuacha dawa yake. Dawa hiyo aliipika mwenyewe tangu mimi sijazaliwa: shubiri, ambayo siku hizi anaichimba kwenye ukingo wa shamba la Kitale, anakata majani, anachemsha na kijiko cha magadi mpaka maji yanakuwa meusi. Kikombe asubuhi, kikombe jioni, kusafisha tumbo na damu. Sisi sote tumelelewa na uchungu ule. Ukikohoa unanyweshwa. Ukifeli mtihani unanyweshwa.

Kufikia Krismasi miguu ilimkaza usiku akapiga kelele, na mchana alishika kifua akasema moyo unaruka ngazi. Nikamwandikia dada yangu Rispah, muuguzi katika hospitali moja kule Uingereza, nikamweleza yote: vidonge, shubiri ambayo akiwa Kitale huinywa zaidi, magadi, kitunguu saumu anachotafuna, na ile mboga inayowasha ambayo watu wa mlimani huiita siwot, ambayo Chemutai humpikia.

Barua ya Rispah ilifika Februari mwaka wa tisini na nne, karatasi nne nyembamba za bluu. Mama hasomi ila mistari michache ya Biblia anayoijua kwa moyo. Aliketi jikoni akichambua maharagwe, mimi nikasoma.

"Mama, mulembe. Natumaini mko salama nyumbani. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno. Mama, Sally ameniandikia kuhusu miguu yako na moyo wako, na sikulala. Nimekwenda kwa mtu wa dawa wa hospitali yetu, nikamsumbua mpaka akanifungulia vitabu vyake. Sasa nisikilize, hata kama utakasirika, na najua utakasirika.

"Kile kidonge cheupe kinafukuza maji na chumvi mwilini kupitia mkojo. Hiyo ndiyo kazi yake, presha inashuka. Lakini maji yakitoka, yanatoka na madini fulani yanaitwa potasiamu, ambayo misuli na moyo haviwezi kufanya kazi bila hayo. Kidonge peke yake kinachukua kidogo. Sasa shubiri nayo inakuharisha, na kuhara kunatoa madini hayo hayo. Kwa hiyo, Mama, unaibiwa na wezi wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Ndiyo maana miguu inakaza. Ndiyo maana moyo unaruka. Moyo ukipungukiwa sana na madini hayo unaweza kusimama. Ile dawa unayokunywa ukiwa Kitale itakuua, Mama. Nasema wazi kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kusema wazi.

"Magadi ni ndugu wa chumvi. Kidonge kinatoa chumvi kupitia mlangoni, wewe unairudisha kupitia dirishani. Hata kwenye maharagwe na mboga, acha magadi. Kitunguu saumu kwenye mboga hakina ubaya. Lakini kutafuna kichwa kizima kila asubuhi, hapana, kinaweza kushusha presha juu ya kazi ya vidonge, tena damu inakuwa nyepesi, ukijikata inakawia kuganda. Siwot ya mama mdogo, kula kama mboga, ni chakula kizuri. Usinywe tu supu yake nzito vikombe kwa vikombe, kwa sababu nayo inakojoza, na pamoja na vidonge unaweza kusimama ukaona kizunguzungu ukaanguka. Dawa nyingine za mizizi ambazo sijui majina yake, sitakudanganya kwamba ni salama. Kitu nisichokijua..."

"Imetosha," mama akasema.

"Kuna karatasi nyingine, Mama."

"Nimesema imetosha. Huyo mtoto nimemlea na hiyo shubiri. Kifua yake ilikuwa mbovu mpaka watu wakasema hatamaliza mwaka. Nani alimponya? Mzungu? Leo amefika Ulaya ndio shubiri inaua?"

"Hajasema shubiri peke yake..."

"Amesema shubiri na vidonge wanagombana. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

Alitoa haragwe bovu akalitupa mlangoni. Halafu akatabasamu, na ningekuwa na akili ningeliogopa tabasamu lile.

"Basi babako alikuwa na akili kuliko nyinyi wote wenye shule. Wanawake wawili wakigombana hufukuzi mmoja. Unaweka huyu hapa, yule kule. Vidonge itakaa Bungoma. Shubiri itakaa Kitale. Nikiwa hapa, nameza ya daktari. Nikienda kule, nakunywa yangu. Hawatakutana hata siku moja."

Nilicheka. Nitasema ukweli, nilicheka, nikaona ni mzaha mtamu, na hata pale nilipoona hafanyi mzaha nilijiambia kwamba angalau hatavichanganya. Karatasi ya nne niliikunja bila kuisoma. Nilikuwa na madaftari sitini ya kusahihisha na sikutaka kugombana na mama yangu. Hayo ndiyo makosa yangu, na sijayapunguza hata kidogo.

Machi ilipofika mama alikwenda Kitale kupanda. Vidonge aliviacha chumbani mwake, juu ya kabati, vimefunikwa kwa kitambaa, kama mke mkubwa aliyeambiwa alinde nyumba. Wiki tano hakumeza hata kimoja. Alichimba shubiri yake, akanunua magadi yake sokoni, akapika, akanywa asubuhi na jioni, na kwa kuwa alikuwa na njaa ya kuwashinda watu wa vitabu, akaongeza kikombe cha mchana.

Chemutai alimwona akihara, akamwambia aache. Mama akamwambia apalilie mstari wake. Chemutai akamuuliza vidonge vya daktari viko wapi. Mama akamwambia viko mahali pake.

Wiki ya tano kichwa kilianza kumuuma tangu alfajiri. Mchana alikuwa anaandaa moto, akasema haoni vizuri upande mmoja, halafu kijiti kikamponyoka mkononi na mdomo ukaenda pembeni. Chemutai hakupiga kelele. Alimlaza kwa ubavu, akakimbia barabarani na kusimama katikati mpaka pikapu iliyobeba mbolea ikalazimika kusimama. Alimpandisha mama juu ya magunia na kumshikilia kichwa mapajani mpaka hospitali ya Kitale.

Mimi nilifika siku iliyofuata. Mama alikuwa kitandani, mkono wa kushoto mzito, mdomo umepinda, macho yana hasira kama kawaida, na hapo nikajua atapona. Sista wa wodi aliitwa Jepkosgei, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Aliniuliza mgonjwa anatumia dawa gani. Nikamtolea barua ya Rispah nikitarajia kusifiwa. Yeye akaisoma yote, karatasi ya kwanza mpaka ya nne, amesimama, huku akigeuza kurasa taratibu. Halafu akanitazama.

"Hii ya mwisho mlisoma?"

Nikatikisa kichwa.

"Soma sasa. Soma kwa sauti, mama yako asikie."

Nikasoma. "Mama, jambo kubwa nimeliweka mwisho ili lisisahaulike. Usiache vidonge hata siku moja. Ukiviacha ghafla, hasa kile cha njano, presha inarudi kwa siku chache, na inaweza kurudi juu kuliko ilivyokuwa mwanzo. Usiseme nitakunywa hivi leo na vile kesho. Kidonge hakikai tumboni kikingoja, kiko kwenye damu, na shubiri ikishakuharisha madini hayarudi jioni ile ile. Kuvitenganisha kwa saa au kwa siku si dawa. Kinachoachwa ni shubiri na magadi. Vidonge ni kila siku, ukiwa Bungoma, ukiwa Kitale, ukiwa safarini. Kama vinakusumbua, mwambie daktari avibadilishe, usivibadilishe wewe. Na mama mdogo Chemutai naye asomewe barua hii, kwa sababu najua wewe hutanisikia, lakini yeye utamsikia."

Chemutai alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na kitanda. Aliangalia mikono yake.

"Alikuwa anavimeza huko kwako?" Jepkosgei akamuuliza.

"Sijaona kidonge hata moja," Chemutai akasema. "Nimeuliza. Akaniambia iko mahali yake."

"Presha yake ilifika mia mbili na ishirini juu, mia na thelathini chini," Jepkosgei akasema. "Mshipa mdogo wa kichwa umeumia. Angechelewa saa chache mngekuwa mnachimba kaburi. Sasa hivi anaanza vidonge upya, polepole. Na shubiri hiyo mkampandie adui."

Mama akafumba macho. Nilidhani amelala, lakini chozi moja lilitoka likafuata njia ya ule mdomo uliopinda. Nilimshika mkono nikalia kwa sauti mbele ya wodi nzima, na sikuona haya.

Alirudi Kimilili mwanzoni mwa Mei, anatembea kwa fimbo, maneno yanatoka polepole. Nami nilifanya upumbavu wa pili: barua niliiacha juu ya meza. Baba mdogo Wabwile alikuja kumjulia hali, akanywa chai, akaondoka na ile barua mfukoni. Nilijua tu siku alipoita kikao cha ukoo na kumkaribisha naibu wa chifu.

Kikao kilikaa uani kwetu siku ya Jumamosi. Chemutai aliitwa kutoka Kitale. Alifika peke yake, akaketi chini kwenye nyasi pembeni, amevaa leso yake ya kanisani, kana kwamba amekuja kwenye ibada. Wanaume walikalia viti. Mama alikuwa mlangoni kwenye kiti chake, na baba mdogo hakumsalimia zaidi ya mara moja.

Alifungua barua kwa madaha ya ukarani, akavaa miwani. "Nitasoma tu pale penye maana. Hii imetoka kwa mtoto wetu Rispah, muuguzi Ulaya, si mtu wa kubahatisha. Anasema hivi: 'Ile dawa unayokunywa ukiwa Kitale itakuua, Mama.'" Akakunja karatasi. "Ameandika Februari. Aprili, shemeji yangu amebebwa kutoka Kitale kama gunia. Nani anapika huko Kitale? Mimi sitaji mtu. Lakini mtu wa mlimani anajua majani kuliko sisi wote. Na baada ya yale mambo ya juzi juzi, si mnajua vile watu wako na chuki. Mimi naomba serikali ishuhudie kwamba huyu mama arudi kwao kabla hatujazika mtu. Shamba ukoo itaangalia."

Watu wakanung'unika. Mzee mmoja akasema sikio la kufa halisikii dawa. Sijui alimkusudia nani, lakini wengi walimwangalia Chemutai. Yeye alikuwa aking'oa majani ya nyasi moja moja na kuyapanga gotini.

Nikasimama. Nikasema, "Baba mdogo, soma zilizobaki." Akaniambia watoto hawasimami kwenye kikao. Nina miaka thelathini na mbili na ninafundisha wajukuu zake. Nikasema tena soma. Naibu wa chifu akaomba karatasi, akaanza kuzipitia kimya kimya, na midomo yake ikitembea.

Ndipo mama akainuka. Alichukua muda mrefu kuinuka, na kila mtu alimtazama akihangaika na fimbo, kwa sababu alimkataza kila aliyenyoosha mkono. Alipopata kusimama sawasawa, mdomo wake ulikuwa umepinda na mate yakimtoka pembeni, na hakuyafuta.

"Shemeji," akasema polepole. "Wewe unasoma mstari moja kama mtu anaiba kuku. Unachukua ile imenona."

Kuna waliocheka. Wabwile hakucheka.

"Shubiri nimechimba mimi. Na hii mkono, ikiwa bado ni mkono. Magadi nimenunua mimi soko ya Kitale. Kupika, mimi. Kunywa, mimi. Huyu alinikataza. Nilimwambia apalilie."

"Shemeji, wewe ni mgonjwa, unamtetea..."

"Nyamaza. Sally, leta zile vidonge za kabati."

Nilikwenda chumbani nikatoa pakiti chini ya kitambaa. Zilikuwa vile vile kama alivyoziacha Machi, za wiki tano nzima, hazijaguswa. Nikazimwaga mezani mbele ya naibu wa chifu, nyeupe na njano, rundo zima.

"Hizo ndio zilitakiwa kuwa kwa mwili yangu," mama akasema. "Niliacha hapa. Nilitaka kumshinda mtoto yangu. Nikasema nitaweka moja Bungoma, moja Kitale, kama vile huyo ndugu yako alituweka sisi. Mtoto alikuwa ameandika kwa mwisho niache ujinga. Sikukubali barua yake isomwe mpaka mwisho. Kwa hivyo kama munatafuta mtu alitaka kumuua Nasambu, ni mimi. Nifukuzeni mimi kwa shamba."

Nilisema nami, kwa sababu ilibidi. Nilisema nilikuwa nimesikia mpango huo nikacheka, na karatasi ya nne niliikunja.

Naibu wa chifu alisoma karatasi ya nne kwa sauti. Alipofika pale Rispah anaposema mama mdogo Chemutai asomewe, alisita, akaondoa kofia, akamwangalia Chemutai, akaendelea. Alipomaliza alimrudishia mama barua, si baba mdogo. "Hapa sioni kesi," akasema. "Ninaona mgonjwa mkaidi."

"Hata hivyo," Wabwile akaanza, "ukoo unaweza bado..."

"Sijamaliza," mama akasema.

Ilikuwa saa nane mchana, wakati wake wa kidonge cha njano. Alitoa kwenye mfuko wa gauni pakiti mpya za hospitali, ya vidonge vyeupe na ya vile vya njano, na kwa hatua zake za kuburuta akavuka ua wote, akapita viti vya wanaume, akapita meza, mpaka mahali Chemutai alipoketi. Alishindwa kuinama, kwa hiyo Chemutai akasimama.

"Shika," mama akamwambia, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Tangu leo hizi ziko kwa mkono yako. Kesho ninarudi Kitale, tunakaa pamoja mpaka mwisho. Sitameza kitu ila wewe umenipatia. Kama ni kweli unataka kuniua, sasa wamekupatia njia. Hawa wote ni mashahidi."

Chemutai alizipokea kwa mikono miwili. Aliziangalia sana, akazigeuza, kwa sababu hajui kusoma na maandishi yalikuwa madogo. Hakumwangalia Wabwile wala naibu wa chifu wala mtu yeyote. Alitazama jua.

"Sally," akaniita. "Hii ya mchana ni gani?"

"Ya njano, mama mdogo."

"Moja?"

"Moja."

Akaitoa kwenye karatasi yake, akaagiza maji, akangoja mpaka yaletwe. Kisha akamwambia mama, kwa ukali ambao sijausikia kwake kabla wala baada, "Fungua mdomo." Na mama yangu, ambaye hajawahi kuambiwa jambo akalikubali mara ya kwanza, akaufungua.